Mrejesho: Wasaidizi wa chaneli na nenosiri moja

Niliuliza: "Vijana wawili wananisaidia chaneli ya mapishi YouTube hapa Mombasa, wote wana nenosiri langu. Nikiwasha hatua mbili za kuingia, yatosha?"

Ahsanteni wakuu. Haitoshi.

Nenosiri limebadilishwa na halitoki tena. Kila kijana amealikwa kwa imeili yake kupitia YouTube Studio, Settings, kisha Permissions. Yule wa Likoni anayehariri amepewa Editor (Limited): anapakia na kurekebisha video, lakini haoni mapato, hawezi kuifuta chaneli wala kualika mtu. Wao pia wamewasha hatua mbili, kwa programu ya simu badala ya SMS, maana laini ikihamishwa kijanja, ujumbe unamfuata mwizi.

Hatari kubwa zaidi ni zile imeili za matapeli wanaojifanya kuleta "udhamini". Faili huja limefungwa kwa nenosiri lililoandikwa humo humo kwenye imeili, ili vikagua virusi visiweze kulifungua. Ndani mna mkataba.pdf.scr. Windows huficha herufi za mwisho, kwa hiyo unaona PDF tu, kumbe ni programu. Ukiifungua inaiba kuki, yaani kumbukumbu za kivinjari zinazoonyesha kuwa tayari umeingia, na mwizi haulizwi msimbo wowote! Kwenye Windows 11, fungua folda, bonyeza View, Show, kisha File name extensions, uione .scr waziwazi.

Aliyekwisha kulifungua aizime intaneti ya kompyuta hiyo, kisha kwa kifaa kingine abadilishe nenosiri na kuviondoa vifaa vyote kwenye akaunti ya Google.