Data wanayo, wanakujibu 406 na baiti sifuri! Hawa jamaa mnawajua, sitaji mtu

Msoto_wa_Shangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, leo salamu hakuna, mikono inatetemeka. Hawa jamaa wa seva ya bei za korosho mnawajua. Siwataji, maana hata kunguru wa Mtwara mjini wanawajua kwa majina ya ukoo.

Asubuhi nipo Tandahimba, ghalani, mbele ya katibu wa chama cha msingi. Wakulima wamejaa mpaka nje. Mzee mmoja kanishika bega: "Haya mwanangu, tuoneshe bei." Nikabonyeza. Hili ndilo jibu nililopewa:

```
HTTP/1.1 406 Not Acceptable
Content-Length: 0
```

SIFURI. Hakuna hata herufi moja ya kuniambia kosa langu nini. Programu yangu iliomba `Accept: text/csv`, vilevile ilivyoomba msimu mzima uliopita na ikapewa bila maneno. Kumbe jana usiku wamepandisha toleo jipya, CSV wameifuta, na hawakumwambia kiumbe.

Nikafungua laptopu juu ya gunia la korosho, nikaomba kwa `curl -i` bila kuweka heda yoyote. Ikaja 200, JSON ndefu, bei za maghala yote zimo. YAANI WALIKUWA NAYO! Bei wanayo mkononi halafu mimi napewa sifuri, na mzee bado kanishika bega!

Nikawapigia. Kijana wa sapoti, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kunywa chai na chapati mbili, ananiambia: "Mbona sisi tukifungua kwenye brauza inakuja vizuri tu?" Nilitaka kuingia ndani ya simu nimfuate.

Kaka_Mkubwa_Masasi

Pole sana mdogo wangu. Hiyo ndogo. Weka `Content-Type: text/csv` kwenye ombi lako, seva itaelewa unataka nini. Nimeshawatibu wengi.

Fundi_Mikindani

Hapana kaka. Content-Type inaeleza mzigo unaoutuma wewe, na ombi lake ni GET, halina mzigo. Seva ikiukataa mzigo wako kwa sababu ya aina yake inasema 415. Hii 406 inahusu kinachorudi: umetaja unachokubali kupokea, na yeye hana hata kimoja.

Msoto, yule kijana wa sapoti hakukudanganya. Brauza ikifungua ukurasa inatuma kitu cha namna hii:

```
Accept: text/html,application/xhtml+xml,application/xml;q=0.9,*/*;q=0.8
```

Tazama `*/*` pale mwishoni. Maana yake, ukikosa hizo za mbele, lete chochote ulicho nacho. Ndiyo maana kwao inafunguka. Curl nayo usipoiambia kitu inatuma `*/*`, ndiyo maana ulipata JSON. Programu yako ilisema CSV tu, ikafunga mlango. Jaribu hivi:

```
Accept: text/csv, application/json;q=0.5
```

CSV haina q, kwa hiyo inahesabiwa 1, ndiyo unayoitaka zaidi. JSON ni ya akiba. Ila kabla ya kulichambua jibu, soma kwanza Content-Type iliyokuja nalo, ujue ni ipi kati ya hizo mbili.

Msoto_wa_Shangani

Kwa hiyo na wewe upo upande wao? Baiti SIFURI, fundi. Mbele ya katibu.

Fundi_Mikindani

Kwenye sifuri nipo na wewe. RFC 9110 inashauri jibu la 406 libebe orodha ya aina zilizopo, ili mtu au programu ichague. Wangeandika mstari mmoja tu, "hapa kuna application/json", ungerekebisha palepale juu ya gunia. Tena hawakulazimika kukataa. RFC hiyohiyo inairuhusu seva ipuuze heda ya Accept na kutoa ilicho nacho.

Bi_Mkubwa_Nachingwea

Hapo kwenye kupuuza sikubaliani na wewe, fundi. Seva mpole niliwahi kuishi nayo. Tuliomba CSV, ikatuletea JSON na 200 juu, kila mtu akafurahi. Kisomaji chetu cha CSV kikaikatakata ile JSON kwenye kila koma, na safu ya jina la ghala ikajaa vitu kama `[{"ghala":"Ruangwa"`. Programu haikupiga kelele, maana 200 ni 200. Ripoti ikapanda mpaka kwa mkuu wa idara na mabano yake yote, na aliyeulizwa ni mimi. Afadhali nikataliwe usoni.

Fundi_Mikindani

Bi Mkubwa, mngesoma Content-Type ya jibu msingefika huko.

Bi_Mkubwa_Nachingwea

Tungesoma, tungefanya. Wewe unasoma kila mara? Sema kweli.

Kaka_Mkubwa_Masasi

Basi atoe Accept yote. Si ndiyo nilichokuwa nasema?

Fundi_Mikindani

Siyo ulichosema, ila itafanya kazi. Usipotuma Accept, seva inachukulia unapokea chochote. Shida ni kwamba hicho chochote anakichagua yeye. Leo ni JSON, kesho wakiweka XML mbele utapewa XML. Na laibrari nyingi ukiacha wazi zinakuwekea Accept yao wenyewe, kwa hiyo angalia kinachotoka kweli, siyo ulichokiandika.

Chongo_Haoni

Msoto, ungechukua chaki ukaandika bei ubaoni kama binadamu wengine. Umeenda na laptopu kwa wazee wenye jua kali kichwani, ulitegemea nini 😂

Msoto_wa_Shangani

Bei ningeitoa wapi ya kuandika? SIFURI sifuri, hamsomi? Kanishika bega!

Gesti_Lindi

Samahani kuingilia. Mimi nina tovuti ya gesti yangu huku Lindi, mgeni akijaza fomu ya chumba anapata hiyohiyo 406. Na mimi nibadilishe Accept?

Fundi_Mikindani

Dada, soma maandishi ya hilo kosa mpaka mwisho. Yakitaja Mod_Security, Accept haihusiki kabisa. Huo ni ukuta wa hosti yako, umeona kitu kwenye fomu umedhani ni shambulio, na hosti wengine wameuwekea namba hiyo. Waombe wakuoneshe kwenye kumbukumbu za seva ni kanuni ipi imekukamata.

Gesti_Lindi

Inataja kweli! Ila fomu ina jina, simu na tarehe tu. Nimewaandikia hosti tangu wiki iliyopita, wananijibu "tiketi yako imepokelewa". Imepokelewa wapi?

Chongo_Haoni

Hao wa tiketi ni ndugu wa wale wa bando. Jana nimeunga la wiki, leo naambiwa limeisha, na simu ilikuwa imezima.

Bi_Mkubwa_Nachingwea

Wewe una simu ya kuzima. Huku umeme umekatika kabla ya adhuhuri, friji nzima ya samaki inanyeyuka.

Kaka_Mkubwa_Masasi

Masasi umerudi saa hii. Msiwashe vitu vyote kwa mara moja, mwezi jana uliniulia runinga.

Msoto_wa_Shangani

Jamani, uzi wangu!

Gesti_Lindi

Kaka wa Masasi, runinga ulilipwa? Mimi yangu ilikufa na wageni wakaondoka bila kulipa chumba.

Kaka_Mkubwa_Masasi

Kulipwa? Niliambiwa nijaze fomu, dada. Nimejaza. Njoo nikwambie yaliyofuata.