Ratiba ya usafi: chumba, sebule, jiko na choo. Nipangeje?

Mpangaji_Kijenge: Wakuu, nyumba yangu ni ndogo lakini Jumamosi yote inaishia kwenye usafi, na Jumanne meza ina vumbi tena. Naomba ratiba fupi, ya wiki na ya mwezi. Sakafu ni vigae.

Bibi Deki: Vumbi hilo linalala kwenye wavu wa dirisha, upepo ukija linasukumwa ndani. Utafuta meza mpaka uchoke. Ivunje hiyo Jumamosi. Jumanne chumba na sebule: anza juu, feni na kabati, kwa kitambaa chenye unyevu, kisha fagia, mwisho deki. Ukifuta baada ya kufagia, vumbi linarudi palepale ulipotoka. Alhamisi jiko: jiko la gesi, sinki, milango ya makabati. Jumamosi inabaki choo na bafu, dakika arobaini zinatosha.
Ya kila mwezi usiirundike siku moja. Jumamosi ya kwanza vua nyavu, zisugue kwa brashi laini na maji ya sabuni, zikauke ndipo uzirudishe. Ya pili friji, ya tatu uvunguni na nyuma ya kabati, na shawa Jumapili ya nne.

Kaka wa Njiro: Chooni changanya jiki na siki, uchafu unatoka wenyewe.

Bibi Deki: Hapana kaka, usimfundishe mtu hivyo. Siki inang'oa ule utando mweupe kweli, hapo umepatia. Ila ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini, na bafu zetu zina kidirisha kama bahasha. Choo kisugue kwanza kwa sabuni, flashi, ndipo umwage jiki na uiache dakika kumi. Ukiimwaga juu ya uchafu, nguvu yake inaishia kwenye uchafu huo, vijidudu vinabaki. Siki ni ya shawa, tena siku nyingine: itie kwenye mfuko wa plastiki, funga mfuko kwenye kichwa cha shawa kwa mpira, kaa saa moja, sugua vitundu kwa mswaki mkuukuu.

Mama wa Pasua: Mimi huku Moshi ukuta wa nyuma ya kabati una madoa meusi kila masika. Nimefuta kwa jiki mara tatu, yanarudi.

Bibi Deki: Dada, hayo ni ya unyevu, si ya ratiba. Sogeza kabati upana wa kiganja kutoka ukutani, hewa ipite. Yakirudi, muulize mwenye nyumba kuhusu bomba au paa.

Mpangaji_Kijenge: Asante mama. Bafuni chini ni terazo, siki ikidondoka?

Bibi Deki: Suuza hapohapo, inakula saruji na mng'ao unakufa. Tandika kitambaa chenye maji kabla hujaanza.

Kaka wa Njiro: Kwa barabara yetu ya vumbi nyavu mara moja kwa mwezi ni chache. Kuanzia Julai mimi nasema kila wiki mbili.

Bibi Deki: Kila wiki mbili zipanguse tu kwa kitambaa, bila kuzivua. Ukizivua sana zile klipu za plastiki zinavunjika.

Kaka wa Njiro: Kupangusa kunasukumia vumbi ndani, bibi.