Nilinunua euro 500 mapema ili nisikatwe safarini. Waleti imezikalia euro na kula dola zangu zote!

Wakuu, nina hasira na naomba msome mpaka mwisho kabla ya kuniambia ni hela ndogo.

Natumia waleti ya sarafu nyingi, ile yenye kadi moja na ndani yake masalio tofauti. Mimi nina salio la dola na salio la euro. Tangazo lao linasema ukilipa kwa euro zinatoka euro, ukilipa kwa dola zinatoka dola, hakuna kubadilisha wala makato. Kwa kuamini hilo, wiki mbili kabla ya safari nilichukua dola 550 nikanunua euro 500, kwa reti ya 1.10, na ada yao ya asilimia moja nikalipa, dola 5.50. Dola 600 nikaziacha pembeni kwa sababu Ijumaa hii natakiwa kulipa dola 350 za kozi ninayosoma.

Alhamisi nikafika hotelini, wakachanja kadi euro 300 za dhamana. Sikulalamika, hoteli nyingi hufanya hivyo. Jumamosi nikanunua tiketi za treni, euro 210. Jumatatu nikaondoka hotelini, bili ikawa euro 260. Malipo yote ni kwa euro na risiti zote zimeandikwa EUR, ninazo hapa.

Sasa oneni nilichokikuta. Tiketi zimekatwa dola 235.62. Bili ya hoteli imekatwa dola 288.86. Salio la dola limebaki 75.52. Na salio la euro? 500 kamili! Euro nilizozinunua kwa ada zipo vilevile, hata moja haijatumika. Nikigusa salio naona kwa maandishi madogo kwamba zinazoweza kutumika ni 200 na zilizobaki ni `Pending`.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu lao: "Mfumo ulichagua salio lenye kutosha." Basi, hakuna la ziada. Nani aliuruhusu mfumo uguse dola zangu bila kuniuliza? Ijumaa nalipa kozi na nini?

Chuma_Ulete
Pole mkuu, lakini hapa umejichoma mwenyewe. Mashine ya kuswaipu hukuuliza ulipe kwa sarafu ya hapo au sarafu ya kadi yako? Ukibonyeza sarafu ya kadi, anayebadilisha ni mwenye mashine, kwa reti yake mbaya, na waleti inapokea muamala ambao tayari ni wa dola. Hapo hata ukiwa na euro milioni haiwezi kuzitumia. Siku zote chagua sarafu ya mahali ulipo.

Mwenye uzi
Nimesema risiti zimeandikwa EUR. Tiketi EUR 210.00, hoteli EUR 260.00. Mashine haikuniuliza chochote. Waliobadilisha ni waleti wenyewe.

Bahari_Tulivu
Mimi nashauri akiba uweke kwa dola tu, euro inapanda na kushuka sana.

Mwenye uzi
Ndugu, sijauliza sarafu ya kuwekea akiba.

Mhasibu_wa_Usiku
Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye kitengo cha miamala ya kadi. Aliyosema Chuma_Ulete ni ya kweli na watu wengi hulizwa hivyo, ila kwa risiti ulizonazo si tatizo lako. Lako limetoka kwenye ile dhamana.

Tuanze Alhamisi. Hoteli ilipoomba euro 300, waleti haikuzitoa, ilizizuia. Salio likaendelea kusomeka 500 lakini za kutumia zikabaki 200. Jumamosi ukaomba 210. Kadi inapochanjwa, waleti ina sekunde chache tu za kujibu ndiyo au hapana. Ikaangalia euro: 200, hazitoshi, zimepungua 10. Waleti nyingi hapo haziunganishi masalio mawili. Zinatafuta salio moja linaloweza kubeba muamala mzima. Yako ikakuta dola, ikabadilisha kwa ajili ya euro 210 zote badala ya zile 10 zilizopungua.

Hesabu yako inakubali. 210 kwa 1.10 ni dola 231. Ada ya asilimia moja ni 2.31. Ukijumlisha unapata 233.31, lakini wewe umekatwa 235.62, yaani kuna 2.31 nyingine. Hiyo ni nyongeza ya wikendi. Soko la fedha hufungwa Ijumaa jioni saa za New York na kufunguliwa Jumapili jioni, kwa hiyo waleti inakuuzia kwa reti ya Ijumaa bila kujua Jumatatu itaamkaje, na baadhi yao hujikinga kwa kukuongezea asilimia. Angalia ukurasa wa ada zao, lazima wameiandika.

Laiti ungejua, ungechenji dola 11 na senti kadhaa kuwa euro 10 kabla ya kufika dirishani, na tiketi zote zingetoka euro.

Mwenye uzi
Ningejuaje, wakati ukurasa wa mbele unanionyesha 500? Hilo ndilo linaloniuma. Wanaonyesha kwa herufi kubwa namba isiyotumika, na inayotumika wameificha mpaka uguse. Haya, ya Jumamosi nimeelewa. Jumatatu je? Zile 300 zilizuiwa kwa ajili ya hoteli hiyohiyo! Bili ni 260. Kwa nini wasichukue humo?

Mhasibu_wa_Usiku
Hilo ndilo swali lenyewe. Kwa utaratibu sahihi, hoteli hufunga ile dhamana: inatuma bili ya mwisho ikiwa na kumbukumbu ya kibali cha Alhamisi, waleti inaona ni muamala uleule, inachukua 260 na kuachia 40. Lakini mhudumu wa mapokezi akiingiza bili kama mauzo mapya, waleti haina namna ya kujua kwamba mambo mawili haya ni kitu kimoja. Inaona dhamana ya 300 bado iko wazi na muamala mpya wa 260 unaomba pesa. Za kutumia ni 200, hazitoshi, ikaenda tena kwenye dola: 286 na ada 2.86, ndiyo 288.86 yako.

Ukitaka kuhakikisha, fungua muamala wa Alhamisi na wa Jumatatu utazame namba ya kibali. Zikiwa tofauti, hoteli iliingiza mauzo mapya.

Kishada
Mimi yangu ni tofauti kidogo lakini nao ni wizi. Nilikuwa na pauni tu. Nikanunua kitu cha dola 80, wakakata pauni na ada juu. Muuzaji akashindwa kuleta, akarudisha pesa. Sikurudishiwa pauni! Wamenifungulia salio la dola nisilolitaka na kuweka 80 humo. Nikitaka pauni zangu nilipe ada tena. Nani kawapa ruhusa?

Mhasibu_wa_Usiku
Kishada, muuzaji anarudisha kwa sarafu aliyouzia, na hajui wewe ulilipa kutoka mfuko gani. Zipo waleti zinazofuatilia muamala wa mwanzo na kurudisha kwenye salio lilelile, na zipo kama yako. Ada ya kwanza kwa kawaida hairudi. Unaweza kuwadai, lakini sikuahidi kitu.

Chuma_Ulete
Sawa, nakubali si mashine. Basi dawa ni moja: kabla ya safari toa dola zote, acha euro peke yake. Haitakuwa na pengine pa kukimbilia.

Mwenye uzi
Na mimi ningependa hivyo! Kadi ingekataa pale kwenye tiketi, ningejua kuna tatizo, ningeongeza euro 10 kwa mkono wangu na maisha yangeendelea. Kukataliwa kuna aibu ya dakika moja. Hii imenivurugia mwezi mzima.

Dada_wa_Safari
Siungi mkono. Mimi nimewahi kukataliwa kadi usiku wa manane nikiwa na mtoto mgonjwa, na kwenye salio la pili pesa ilikuwepo, lakini waleti niliyokuwa nayo wakati ule haikuruhusu kuvuka. Niliapa sitarudia. Mimi nataka ichukue popote ilipo, ada nitalipa.

Mwenye uzi
Dada, pole kwa hilo. Lakini si waweke swichi basi? Wewe uiwashe, mimi niizime. Nimepekua mipangilio yote, hakuna pa kusema "dola zisiguswe". Hakuna hata pa kupanga ipi itangulie.

Mhasibu_wa_Usiku
Kuna waleti zenye mpangilio huo, na nyingine zina sehemu ya kuwekea pesa ambako kadi haifiki. Kama yako ina sehemu ya akiba iliyotengwa na kadi, dola za kozi zingekaa huko. Kuhusu kuunganisha masalio mawili kwa muamala mmoja, si kwamba haiwezekani. Daftari ni lao wenyewe, wapo wanaofanya. Wengi hawafanyi kwa sababu pesa ikirudishwa nusu inakuwa vurugu kujua irudi wapi.

Sasa lililo mbele yako ni Ijumaa. Kama ile 300 haijaachiwa, una dola 75.52 na euro 200 za kutumia. Hakuna salio moja linalobeba dola 350, kwa hiyo kadi itakataa. Hata ukichenji euro zote 200 unapata dola 220 kabla ya ada, ukijumlisha bado hazifiki 300. Ikiachiwa, euro 500 zitatosha, lakini jua kwamba utakatwa kama euro 321 kwa sababu itabadilisha tena na ada itakuwepo.

Usisubiri iachiwe yenyewe, inaweza kuchukua wiki au zaidi. Mwandikie meneja wa hoteli, mpe namba ya kibali cha Alhamisi, atume ombi la kufuta dhamana. Mwombe pia barua pepe inayosema bili imelipwa na dhamana haihitajiki, uipeleke kwa waleti. Wengine huachia kwa barua hiyo.

Mwenye uzi
Nimefungua miamala yote miwili sasa hivi. Namba za kibali ni tofauti. Kwa hiyo hoteli iliingiza mauzo mapya, na waleti wakanijibu sentensi moja bila hata kutazama.

Hoteli nimewaandikia. Waleti nimewaandikia tena, nimewawekea namba zote mbili na risiti zote, na nimedai ada ya 2.86 ya Jumatatu, kwa sababu pesa ya bili ile walikuwa tayari wameizuia kwa euro. Ya Jumamosi nayo naidai, ingawa naona Mhasibu hataniunga mkono.

Mhasibu_wa_Usiku
Ya Jumatatu una hoja, ingawa watakwambia kosa ni la hoteli. Ya Jumamosi watakuonyesha masharti uliyoyakubali. Dai zote mbili, lakini kwanza hakikisha 300 inaachiwa.

Mwenye uzi
Hoteli wamejibu. Wanasema kwao dhamana imeshafutwa tangu Jumatatu. Waleti bado inaonyesha `Pending`. Nimewaomba hoteli uthibitisho wa maandishi wa kufuta. Leo ni Jumatano jioni.

Kishada
Mkuu ukifanikiwa tuambie uliandika nini, na mimi nipeleke yangu.