Tupeane uzoefu: uliwahi kugeuza jibu la "ng'oa betri" kuwa video?

Mkaanga Bodi: Wakuu, jana dogo kaniletea simu inanuka moshi, eti kafuata jibu langu la zamani: "Pasha mgongo, ng'oa betri, weka mpya." Maneno sita tu! Nikakumbuka nilivyotoka jasho kuyageuza skripti. Nani mwingine yamemkuta?

Binti Fundi: Mimi. Skripti ya kwanza niliandika "chomoa konekta", nikarekodi kutoka juu. Mkono wangu ukafunika kila kitu, mtazamaji mmoja akang'oa soketi kwenye bodi. Nikaandika upya:

PICHA 1, karibu: kioo kinaonyesha chaji chini ya asilimia 25. SAUTI: Ikizidi hapo itumie ishuke, kisha zima.

PICHA 2, karibu sana, kamera ubavuni: ncha ya plastiki inaingia chini ya ukingo wa konekta, siyo chini ya soketi. SAUTI, kabla mkono haujasogea: Inua wima.

PICHA 3: matone ya aisopropili ukingoni mwa betri. Saa ionekane, dakika 2 zipite.

PICHA 4: kadi ya plastiki inapita imelala. Betri ikianza kupinda, acha, ongeza matone.

Mzee wa Hita: Dakika 2 za kutazama saa? Watu watahama. Kata hapo.

Binti Fundi: Ukikata, mtu anadhani gundi inaachia palepale, anaanza kukwangua kwa nguvu. Ndiyo betri zinavyotoboka.

Mkaanga Bodi: Ila umesahau kuonyesha hita ikizimwa na simu ikipoa kabla ya PICHA 3. Aisopropili inashika moto.

Binti Fundi: Duh. Kweli, narekebisha.

Sele wa Tandika: Mimi nilifuata video ya haraka haraka, fundi kashika bisibisi bapa. Nikasikia "tsss". Moshi mweupe, kisha ndimi za moto kama jiko la gesi. Nikaitupa kwenye ndoo ya mchanga nikakimbilia nje, nyusi zimeungua. Mke wangu hadi leo akiniona na bisibisi anatoa watoto sebuleni.

Jirani Mwema: 😂😂 Pole kaka.

Kemia Kidogo: Bahati hukumwaga maji. Lithiamu na maji hulipuka!

Mkaanga Bodi: Hiyo ni lithiamu yenyewe ya maabara. Betri ya simu shida yake ni joto, maji mengi yanaipoza. Ila mezani mimi naweka mchanga, na moshi ule usiuvute.

Kemia Kidogo: Mwalimu wangu alisema tofauti.

Mzee wa Hita: Mwalimu wako alibadilisha betri ngapi?

Mama Junia: Samahani, yangu imevimba hadi imesukuma kioo. Nikiichoma sindano gesi itoke si itanywea?

Binti Fundi: USICHOME dada! Izime, usiichaji, mpelekee fundi leo.

Mama Junia: Mbona iko kwenye chaji ndiyo naandikia?