Mrejesho: hotuba ya kumuaga mwalimu wa fasihi

Niliuliza: "Mwalimu wetu wa fasihi hapa Mwanza anastaafu. Nimshukuruje isiwe hotuba ya kila mtu?"

Wakuu, asanteni. Nilifuta "mlezi" na "nguzo" kama mlivyoshauri, nikasimulia kisa kimoja: alivyotufundisha mizani, yaani hesabu ya silabi za shairi, kwa kugonga dawati: nane ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, nane utao, nusu ya pili. Nikagonga meza, ukumbi mzima ukaitikia. Mwalimu akavua miwani, akafuta macho.

Ushauri wa kumalizia na ubeti ndio ulioniponza, kosa langu lakini. Nilisoma: "Mwalimu twakushukuru, Mwanza yote yaaga." Akadakia palepale, "Utao una saba, wewe!" Ilitakiwa "yakuaga". Watu wakacheka hadi nikasahau mishororo iliyobaki. Karatasi ameichukua, kasahihisha kwa kalamu nyekundu.