Laki 6 kwa dakika moja ya tangazo ndani ya video: bei ya haki au naibiwa?

Fundi wa Jua: Nina chaneli ya YouTube ya sola za nyumbani, wafuasi 48,000. Kampuni ya inveta inanipa 600,000 niwataje sekunde 60 ndani ya video moja. Kwenye mkataba wameandika wataitumia video "popote na kwa muda wote", na nisitangaze sola nyingine miezi 6. Niseme bei gani?

Kijana wa Mbagala: Kaka wanakuonea. Mi naangaliaga wafuasi, kila mfuasi shilingi 20, 48,000 mara 20 ni 960,000, usishuke hapo.

Mama Kamera: Mdogo wangu wa Mbagala, wafuasi ni watu waliobonyeza siku moja, wengine miaka minne iliyopita, na hawafungui tena. Kampuni inanunua watu watakaoiona video hiyo. Fundi, ingia YouTube Studio, chukua video 10 za mwisho zilizotimiza siku 30, tuandikie kila moja imeangaliwa mara ngapi. Usiweke ya wiki iliyopita, haijakomaa.

Fundi wa Jua: 9,000, 11,000, 12,000, 12,500, 13,000, 14,000, 15,000, 16,000, 21,000 na ile ya umeme kukatika 140,000. Wastani 26,350.

Mama Kamera: Huo wastani utakutia aibu. Ile ya 140,000 ilibebwa na siku zile za mgao, huwezi kumuahidi mtu kwamba itajirudia, na ukiitoa tu wastani unashuka mpaka kama 13,700. Zipange kwa ukubwa uchukue ya katikati, hapo ni kati ya 13,000 na 14,000, yaani 13,500. Hiyo ndo namba unayoweza kuisimamia hata ukiulizwa baada ya mwezi.

Sasa bei ya kila elfu moja ya watazamaji inategemea mada yako. Mchekeshaji anaangaliwa na kila mtu lakini wachache wana haja ya inveta wiki hii, wewe mtu anakuja kwako akiwa ameshapima dari lake na anauliza betri ya ampea ngapi. Kwa mada kama yako mi ningeanzia 40,000 kwa elfu, inakuja 540,000. Kwa hiyo laki 6 KWA TANGAZO PEKE YAKE si wizi, ni bei ya heshima. Wizi uko kwenye hayo maneno "popote na kwa muda wote".

Nanunua Matangazo: Nipo upande wa pili, kazi yangu kulipa watu kama nyie, ngoja niseme ukweli. Mama Kamera hesabu yako nzuri ila umesahau swali ambalo mi nauliza kwanza, hao 13,500 wako wapi? Fundi, kwenye hiyo hiyo YouTube Studio nenda kwenye hadhira uangalie nchi.

Fundi wa Jua: Tanzania asilimia 58, Kenya 27, waliobaki Uganda, Oman na kwingine.

Nanunua Matangazo: Basi kama kampuni inauza Dar na Mwanza tu, wanaonihusu ni kama 7,830. Ukigawa laki 6 kwa hao nimekulipa zaidi ya 76,000 kwa kila elfu, hiyo ni ghali. Na jambo jingine, tangazo linakaa dakika ya ngapi? Watu wanatuletea video ya dakika 14 tangazo lipo dakika ya 11, ukifungua mchoro wa watazamaji kubaki unakuta pale wamebaki robo. Mi nalipa bei kamili likikaa ndani ya dakika 3 za mwanzo, tena baada ya fundi kuonesha tatizo, sio kabla.

Mama Kamera: Hapo kwenye dakika nakubali kabisa, Fundi iandike kwenye mkataba. Kwenye nchi sikubali moja kwa moja, maana mtu wa Oman ndo anayemtumia mama yake Tanga hela ya kununua inveta. Yeye anaonekana Oman, mzigo unafungwa Tanga.

Nanunua Matangazo: Inatokea, ila siwezi kumpelekea bosi hesabu ya hivyo.

Binti Saluni: Nami niseme yangu. Mwaka juzi nilipiga picha na video ya mafuta ya nywele, nikalipwa laki 2 na katoni moja, nikafurahi. Baada ya mwaka na nusu napanda daladala naona uso wangu kwenye bango, mkubwa kuliko gari. Nikapiga simu wakanisomea mkataba nilioweka sahihi, "matumizi yote". Kilichoniuma zaidi, kampuni nyingine ya mafuta ilikuwa inaongea na mimi wakati huo, wakaona bango wakasema wewe ni wa wale, wakaondoka. Laki 2 ile ilinizuia kazi ambazo hata sikuziona.

Mama Kamera: Pole mdogo wangu. Fundi soma hiyo mara mbili.

Matumizi yana ngazi. Video kukaa kwako na wao kusambaza linki, hiyo imo kwenye 540,000. Kuikata na kuiposti kwenye kurasa zao bila kuilipia matangazo, unaweza kuwapa mwezi mmoja kama zawadi. Lakini wakiisukuma kwa hela ya matangazo, sura na sauti yako vinauza kila siku mahali ambapo chaneli yako haipo, hiyo mi hutoza asilimia 30 ya bei ya msingi kwa kila mwezi. Kwako ni 162,000 kwa mwezi, miezi 3 ni 486,000, jumla 1,026,000. Wakiona kubwa wapunguze miezi, bei ya mwezi usiiguse.

Nanunua Matangazo: Asilimia 30 kwa kampuni ndogo ya hapa wataondoka, nakwambia kabisa. Mi nimeshalipa 15, na kuna waliotoa bure.

Jirani wa Ruiru: Huku Kenya kwa TikTok ni rahisi, unawapa msimbo wa kuruhusu tangazo, unachagua siku 7, 30, 60 au 365, ikiisha imeisha. Chagua 30 tu, wakitaka zaidi walipe tena. Na kama unashuku wanaendelea kimya kimya, Meta wana maktaba ya matangazo iliyo wazi kwa kila mtu, facebook.com/ads/library, andika jina la ukurasa wao utaona yanayoendelea. Halafu uliza mapema bei ni kabla ya kodi ama baada, huku tunakatwa asilimia 5 kabla pesa ifike.

Kijana wa Mbagala: Sawa nimeelewa ya wafuasi. Ila hiyo miezi 6 mbona hamjaigusa, si ndo mbaya kuliko zote?

Mama Kamera: Umeuliza vizuri. Fundi, kwa mwaka unapata kampuni ngapi za sola?

Fundi wa Jua: Kama 5 au 6.

Mama Kamera: Basi miezi 6 inaweza kukufungia kazi 2 mpaka 3 na hawajaweka hata senti juu yake. Neno "sola" ni pana mno, linabeba paneli, betri, taa mpaka pampu. Waandike inveta tu, siku 60.

Nanunua Matangazo: Inveta siku 60, hata mi ningesaini bila kuongeza hela.

Fundi wa Jua: Nimewapigia sasa hivi. Wamekubali inveta siku 60 na tangazo likae dakika ya 2. "Muda wote" wamebadilisha kuwa miezi 3, ila hela wanasema ni ile ile laki 6, na kwenye hiyo miezi 3 wanataka kulipia matangazo Instagram. Jibu wanalitaka Ijumaa.

Nanunua Matangazo: Chukua. Ni kazi ya kwanza nao.

Mama Kamera: Mimi ningewarudishia mbili wachague, laki 6 bila matangazo ya kulipia kabisa, au 762,000 na mwezi mmoja wa matangazo.