MREJESHO: Jengo kuchelewa mwaka mmoja

Niliuliza: "Mradi ukichelewa mwaka mmoja bila bei kupanda, hasara iko wapi, ikiwa kodi ya pango ni ile ile?"

Nimepiga hesabu kama mlivyonielekeza. Ujenzi ni milioni 100, zimelipwa zote mwanzoni. Kodi halisi ni milioni 14 kwa mwaka kwa miaka 20, na mtaji una gharama ya asilimia 10 kwa mwaka, yaani pesa ya mwaka ujao unaigawa kwa 1.1 kupata thamani yake ya leo. Kwa thamani ya leo, kodi hizo ni milioni 119.2, kwa hiyo faida ni 19.2.

Kodi zikianza mwaka mmoja baadaye, unagawa 119.2 kwa 1.1, unapata 108.4. Faida inabaki 8.4. Zaidi ya nusu imeyeyuka, na fundi hajaongeza hata senti! Akidai milioni 10 za ziada mwanzoni mwa mwaka wa pili, kwa leo ni 9.1, na mradi unaingia hasara.

Kilichonishangaza zaidi: ningeahirisha kabla ya kutoa pesa, gharama nazo zingesogea, na faida ingeshuka hadi 17.4 tu. Kinachouma ni kusimama katikati, pesa zikiwa zimeshazikwa kwenye zege. Sasa nadai malipo yafuate hatua za kazi.